Jinsi nilivyompatia mpwa wangu mchezo wa likizo: kuchagua omweso na kumfundisha mtoto kwa siku tatu

Nina duka dogo hapa Walukuba, Jinja. Nauza sukari, sabuni, daftari na kalamu, na kwenye rafu ya juu upande wa mlango kuna michezo: ludo, dama, karata, sataranji, na mbao mbili au tatu za omweso, mchezo wa Waganda wa kupanda kete mashimoni, ndugu wa bao. Kila Desemba mzazi fulani huja kuniuliza, "Nimnunulie mtoto mchezo gani?" Mwaka jana swali hilo lilinijia mimi mwenyewe. Dada yangu alimtuma mwanawe kutoka Mombasa, kijana wa miaka 12, aje akae kwangu wiki tatu. Alishuka kwenye basi amechoka, akanipa shikamoo, na alipofika nyumbani tu akauliza soketi ya kuchajia simu iko wapi. Jioni ile ile umeme ukakatika.

Nitaeleza nilivyomchagulia na nilivyomfundisha, ili mwenye mgeni kama huyo aweze kufuata.

Hatua ya kwanza: mwangalie anavyoshindwa

Wateja wengi huanza na umri. Huuliza mchezo wa miaka 10 au wa miaka 12. Kwa uzoefu wangu umri hausaidii sana. Kinachosaidia ni kumwona mtoto akicheza michezo miwili mifupi anayoijua tayari, na kumtazama usoni pale mambo yanapomwendea vibaya.

Siku ya pili nilimwekea ludo kwenye kaunta. Kwenye ludo huwezi kutoa kipande chako nyumbani mpaka upate sita. Alirusha dadu mara nyingi sita haikuja, na mimi nilishatoa vipande viwili. Akaanza kurusha dadu kwa hasira, halafu akaisukuma mbao. "Mjomba, hii si akili, hii ni bahati tu." Hapo nikajua kwamba mchezo wa dadu haumfai, na karata vilevile, kwa kuwa atalaumu karata alizogawiwa.

Jioni nikaleta dama. Hapa alikaa sawasawa. Aliona mbali, alinitegea mtego mmoja mzuri sana, akala vipande vyangu viwili kwa mpigo. Lakini mimi nilipomla vitatu akabadilika. Aliendelea kutazama vile vipande vyake vilivyolala pembeni ya mbao, akaanza kucheza haraka haraka bila kufikiri, mchezo ukaisha vibaya. Akili ya kucheza anayo. Kilichomvunja moyo ni kuona mali yake imetoka na haiwezi kurudi.

Sataranji ingempa adhabu hiyo hiyo, tena kwa muda mrefu zaidi. Tangu Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, ajulikane kwa kucheza sataranji, wazazi wengi huiulizia kwanza, na ni mchezo mzuri, lakini kwa mtoto huyu, kwa wiki tatu, ingekuwa kumtesa.

Kwa hiyo nilitafuta mchezo wenye mambo mawili: usiwe na bahati ndani yake, na kilichopotea kiweze kurudishwa. Omweso una yote mawili. Hakuna dadu. Kete zote 64 hubaki juu ya mbao tangu mwanzo hadi mwisho. Nikila kete zako, nazipanda upande wangu, na zamu yako ikifika unaweza kuzifuata pale pale zilipo.

Kuna sababu ya tatu, na sikuiweka mwisho kwa kuwa ni ndogo. Mchezo wa watu wawili unahitaji mtu wa pili. Mimi nipo dukani mpaka saa tatu usiku. Lakini nyuma ya duka kuna mwembe, na chini yake mzee jirani yangu hukaa na mbao yake ya omweso kila siku alasiri akisubiri mtu. Ningemchagulia mpwa wangu mchezo ambao mtaani hauchezwi, ungelala kwenye boksi.

Hatua ya pili: kagua mbao na kete

Mbao ya omweso ina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32. Safu mbili zilizo karibu nawe ni zako, mbili za mbali ni za mwenzako. Kete ni 64, kila mtu ana 32. Waganda huziita empiki. Ni mbegu ngumu za mviringo, laini mkononi.

Ukinunua, ingiza vidole vitatu kwenye shimo. Vikiingia na ukaweza kuchota kete zote kwa mara moja, mbao inafaa. Mbao nyingi zinazouzwa kwa watalii zina mashimo ya kina kidogo, za kutundikwa ukutani. Kete tano tu zikijaa, ya sita inarukia shimo la jirani na hesabu inaharibika bila mtu kuona. Hesabu kete hapo hapo dukani.

Kama huna pesa ya mbao, chukua trei mbili za mayai, zile za mayai 30. Kila moja ina safu 5 za vishimo 6. Kata kutoka kila trei kipande cha safu 4 kwa vishimo 4, viunganishe kwa gundi au uzi, una mbao ya 4 kwa 8. Kete ziwe mawe madogo yanayolingana. Usitumie mahindi, ni mepesi na hurukaruka.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza, sheria nne tu

Kosa nililowahi kulifanya na watoto wengine ni kumwaga sheria zote kwa wakati mmoja. Safari hii nilimpa nne.

Kwanza, chota kete zote za shimo lako moja lenye kete mbili au zaidi, uzipande moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kinyume na mshale wa saa, ukizunguka ndani ya mashimo yako 16 peke yake. Shimo lenye kete moja haliwezi kuanzisha zamu.

Pili, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako.

Tatu, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, chota zote pamoja na ile uliyoweka, uendelee kupanda.

Nne ni kula, na ndipo watoto wengi hukosea. Ili ule ni lazima kete yako ya mwisho iangukie safu yako ya mbele, kwenye shimo lililokuwa na kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayotazamana nalo, la mbele na la nyuma, yawe na kete. Yakiwa hivyo unachukua kete za mashimo hayo mawili. Zako zilizopo pale unaziacha. Zile ulizokula unazipanda kuanzia shimo lile lile ambapo mzunguko uliokulisha uliweka kete yake ya kwanza. Shimo moja la mwenzako likiwa tupu, hakuna kula. Unachota na kuendelea kama sheria ya tatu inavyosema.

Kijana alikuwa ameona wazee wa kwao wakicheza bao, akadhani ni kitu kimoja. Nilimwambia asichanganye. Mbao na kete ni sawa kwa idadi, lakini bao la pwani lina nyumba, na kete nyingine huanza zikiwa mkononi. Kwenye omweso kete zote huwa mbaoni tangu mwanzo.

Hatua ya nne: mchezeshe zamu moja ndefu

Hapa usiende haraka. Zamu moja iliyochezwa taratibu inafundisha kuliko maelezo ya saa nzima. Weka kete 2 katika kila shimo, pande zote mbili. Kwenye mchezo wa kweli watu hawapangi hivi, ni mpango wa mazoezi tu.

Yape mashimo ya mtoto namba. Safu ya nyuma, kutoka kushoto kwake kwenda kulia, ni 1 mpaka 8. Safu ya mbele inarudi kutoka kulia kwenda kushoto, 9 mpaka 16. Kwa hiyo la 9 liko juu ya la 8, na la 16 liko juu ya la 1. Niliandika namba hizo kwa chaki ukingoni mwa mbao.

Aanze na shimo la 1. Kete mbili zinakwenda la 2 na la 3. La 3 lilikuwa na mbili, sasa lina tatu, na liko safu ya nyuma, hakuna kula. Anachota tatu: 4, 5, 6. La 6 nalo lina tatu. Anachota: 7, 8, 9.

La 9 ni safu ya mbele, na lilikuwa na kete. Mpwa wangu akanyoosha mkono kuchota. Nikamshika kiganja. "Tazama mbele yako kwanza." Akainua macho, akaona mashimo yangu mawili yanayotazamana na la 9 yana kete mbili mbili. Akala nne. Sasa azipande kuanzia wapi? Mzunguko uliomlisha uliweka kete ya kwanza kwenye la 7, basi anaanzia la 7 tena: 7, 8, 9, 10. La 10 ni la mbele, lilikuwa na kete, na mbele yake kuna mbili na mbili. Akala nne nyingine, akazirudisha 7, 8, 9, 10.

Safari hii kete ya mwisho iko la 10 tena, lakini mashimo yanayotazamana nalo ameshayamaliza. Hakuna kula. Anachota nne za la 10: 11, 12, 13, 14. La 14 linakula nne. Mzunguko huo ulianzia la 11, basi nne hizo zinakwenda 11, 12, 13, 14. Mbele ya la 14 sasa ni tupu, anachota nne zilizomo: 15, 16, kisha anazunguka kona, 1, 2. La 2 lina nne: 3, 4, 5, 6. La 6 lilikuwa limechotwa mapema, ni tupu. Amelala.

Zamu moja, kete 12. Mhesabishe: upande wake lazima ziwe 44 na wako 20. Hesabu isipotoka hivyo, mkono umedondosha kete mbili shimo moja au umeruka shimo, na mara nyingi ni pale kwenye kona, kutoka la 8 kwenda la 9 au kutoka la 16 kwenda la 1. Sisi tulirudia zamu hiyo mara tatu. Ya kwanza haikutoka 44, kwa sababu alipokula mara ya pili alichukua na kete moja ya shimo la jirani. Ya pili alisahau alikoanzia akapanda kuanzia la 8. Ya tatu ikawa 44 kamili, na akaniangalia mimi kabla ya kuziangalia kete.

Halafu tukaendelea kutoka hapo, mimi na 20 zangu. Nilimwambia wazi kwamba hili ndilo nililotaka alione. Baada ya zamu chache nilimla mara mbili mfululizo na tukawa tunakaribiana. Akakunja uso kama wakati wa dama. Lakini hakucheza haraka. Alizitazama kete zake ziko upande wangu, akauliza, "Mjomba, hizi naweza kuzila tena?" Nikamwambia azile.

Anayeshinda ni yule anayemwacha mwenzake bila zamu, yaani kila shimo la mwenzake lina kete moja au halina kitu. Unaweza kubakiwa na kete kadhaa na ukawa umeshindwa.

Hatua ya tano: siku ya pili, kupanga na kujilinda

Mchezo wa kweli huanza kwa kuhesabu: kila mtu anaweka kete 4 katika kila shimo la safu moja yake, mashimo 8, zinatimia 32. Kisha mmoja anazipanga 32 zake apendavyo ndani ya mashimo yake 16, mwenzake anatazama, halafu naye anapanga za kwake. Aliyepanga kwanza ndiye anayeanza kucheza. Haki iko hapo: mmoja anapata zamu ya kwanza, mwingine anapata kuona.

Mpwa wangu alipanga kama watoto wote wanavyopanga, akitawanya kila mahali ili "zisiwe hatarini". Hilo ndilo kosa lenyewe. Kula kunahitaji mashimo mawili yenye kete. Ukiacha shimo la mbele tupu, kete zilizo nyuma yake haziliki hata zikiwa kumi. Nilimwonyesha kwa kulundika kete nane nyuma na kuliacha la mbele wazi, nikamwambia ajaribu kuzila. Alihesabu kila shimo lake kwa kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haiwezekani mpaka wewe mwenyewe uweke kete pale mbele." Ndivyo. Na ukipanda kete zako zikipita safu ya mbele, unaziba yale matundu uliyoyaacha. Kwa hiyo kabla ya kucheza uliza zamu yako inaishia wapi na pia inafungua nini.

Tulicheza michezo mitano siku hiyo. Nilimshinda yote, wala sikumwachia. Mtoto mwenye akili hugundua anapoachiwa, na akigundua hatakuamini tena.

Hatua ya sita: siku ya tatu, kurudi nyuma, kisha mtoe nje

Sasa ongeza sheria ya kurudi. Mashimo manne ya mwisho kushoto kwako, yaani 1, 2, 15 na 16, yanaruhusiwa kwenda upande wa pili, kufuata mshale wa saa, kwa sharti kwamba yanakula moja kwa moja. Mfano: la 16 lina kete mbili, unazirudisha kwenye la 15 na la 14. Kama la 14 lilikuwa na kete na mashimo mawili yanayotazamana nalo yana kete, umekula. Kama hupati kula, huruhusiwi kurudi. Usiifundishe siku ya kwanza. Mtoto atarudi nyuma kila saa na hataelewa mchezo unaelekea wapi.

Kuna pia ushindi wa vichwa viwili: ukila mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto wa mbao katika zamu moja, mchezo umekwisha papo hapo. Huo nilimwachia mzee amwonyeshe.

Alasiri nilimpeleka chini ya mwembe. Nilimweleza mambo mawili kabla ya kukaa. Wazee hucheza haraka, mkono hauonekani, na mtu ana haki ya kuomba mwenzake arudie zamu taratibu akiwa na shaka. Na usiguse kete ukiwa unafikiri, hesabu kwa macho. Mzee alimpokea, akamwuliza nyumbani kwao ni wapi, akamwambia apange kwanza.

Alishindwa michezo mitatu. Nilikuwa nachungulia kutoka dukani huku nampimia mteja sukari. Mchezo wa pili mzee alimla karibu kila kitu, na kijana akabaki ameinama juu ya mbao. Nikajiandaa kwenda kumchukua. Lakini alikuwa anahesabu. Alirudi nyuma kutoka la 15, akala, akachukua kete nyingi za upande wa mzee. Mzee akapiga paja lake akacheka kwa sauti, "Nani amekufundisha hiyo?" Bado alishindwa, lakini giza lilipoingia nilikwenda kuwaita wakale chakula, na hakuna aliyenyanyuka.

Kuanzia siku hiyo simu ilichajiwa asubuhi na kusahaulika kwenye meza.

Angalizo moja kwa mtakaocheza nyumbani. Zamu nyingine hazilali. Kete zinazunguka na kuzunguka mpaka mkono unachoka. Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba zamu ikifika dakika tatu bila kulala mchezo unafutwa na kupangwa upya. Mkubaliane kabla ya kuanza, si wakati mtu ameshakula kete ishirini.

Siku ya kuondoka nilimpa mbao ya trei tuliyoitengeneza pamoja, maana ile ya mti ni nzito kwa safari, na kete kwenye mfuko wa kitambaa. Alizihesabu kwa nne nne sakafuni kama tunavyoanza mchezo. Zilikuwa 63. Tulitafuta chini ya kaunta, nyuma ya magunia, chini ya mwembe, hatukuiona. Akakata tawi dogo la mwembe, akalisugua kwenye saruji mpaka likawa mviringo, akalitia mfukoni na nyingine. Wiki iliyofuata dada yangu alipiga simu kuuliza ni mchezo gani huu ambao mtoto anamfuata nao jikoni.